Paswedi yako iko sawa, unapigwa danadana tu

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye kikao chetu cha mafundi wa mifumo. Wengi mlikosa kwa sababu ya mvua, nimeiandika kama nilivyoongea. Slaidi nimeziacha, zilikuwa picha za skrini tu.)

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Naomba nianze na swali na mnyooshe mikono bila aibu. Nani hapa hajawahi kupigiwa simu na mtu anasema "mfumo umekataa paswedi yangu", ukamwekea mpya, akapiga tena, ukamwekea mpya tena, na mara ya tatu ukaanza kumwona yeye ndiye ana shida? Naona hakuna mkono. Sawa. Basi leo naongelea zile simu, maana nyingi kati yake paswedi haikuwa na kosa lolote.

Mnaijua hali yenyewe. Mtu anafungua saiti ya ofisi, anabonyeza ingia, anapelekwa kwenye ule ukurasa mmoja wa kuingilia mifumo yote, anaandika jina na paswedi, ukurasa unazunguka kidogo halafu huyo, karudi palepale kwenye kitufe cha ingia. Anabonyeza tena, safari hii hata paswedi haombwi, skrini inapepesa tu mara mbili tatu na karudi tena. Wengine brauza inachoka yenyewe inaandika `ERR_TOO_MANY_REDIRECTS`, wengine inapepesa mpaka betri ya simu iishe.

Sasa hebu jiulizeni, kwa nini mara ya pili hakuombwa paswedi? Kwa sababu mlinzi wa getini ameshamjua. Ameshamkubali, yaani paswedi ilipita mara ya kwanza kabisa. Chukulia ofisi kubwa ya serikali, getini unaonyesha kitambulisho, mlinzi anakupa kikaratasi chenye jina lako, unaenda ofisi gani na saa uliyoingia. Unapanda ghorofa ya nne, yule dada wa mapokezi anakisoma, hakimridhishi, lakini hakwambii kwa nini, anasema tu "rudi getini". Unarudi, mlinzi anakukumbuka, anakuandikia kingine kilekile, unapanda, "rudi getini". Hizo ndizo danadana, geti ni ule ukurasa wa kuingilia na seva yake, ghorofa ya nne ni mfumo wenyewe unaotaka kuutumia. Na wewe fundi unapombadilishia paswedi unaenda kugombana na mlinzi wakati anayekataa yuko ghorofa ya nne.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote swali ni moja tu, yule wa ghorofa ya nne kakataa nini? Kwa uzoefu wangu majibu mawili ndiyo yanakuja mara nyingi, saa na anwani. Nitawapa kisa kimoja kwa kila jibu.

Tuanze na saa.

Kulikuwa na chuo kimoja, jina tuliache, wana saiti ya matokeo ya wanafunzi. Wanatumia SAML, utaratibu wa geti kutuma hivyo vikaratasi, na upande wa saiti wamefunga Shibboleth, programu inayovisoma. Imekaa vizuri miaka. Asubuhi moja wanafunzi wanaanza kulalamika, hawaingii. Nikaulizwa na mimi nikauliza swali ambalo sisi wote tunauliza, nani kagusa kitu? Hakuna aliyegusa. Kweli kabisa hakuna aliyegusa, nilikagua.

Halafu kukawa na kituko ambacho kilitaka kunitia wazimu. Walioko chuoni kwenye intaneti ya kasi hawaingii, lakini wanafunzi walioko likizo kijijini, wenye mtandao wa kuvuta kwa kamba, wanaingia! Jamani, mmeshaona wapi mtu mwenye intaneti mbovu anaingia na mwenye nzuri anakataliwa? Mwenzangu mmoja alishaanza kusema tuangalie anwani za mtandao wa ndani, labda zimezuiwa. Tukapoteza saa mbili nzima kwenye hilo.

Nikaona tusome kikaratasi chenyewe. Kwenye Firefox kuna kiongezeo kinaitwa SAML-tracer, unakiwasha, unaingia kama kawaida, kinakuonyesha kile ambacho geti limetuma. Katikati ya yale maandishi marefu nikakuta mstari huu:

```
<Conditions NotBefore="2023-06-14T05:42:10Z" NotOnOrAfter="2023-06-14T05:47:10Z">
```

Maana yake ni kwamba kikaratasi hiki kisikubaliwe kabla ya muda huu, na kikifika huu wa pili kimekufa, kinaishi dakika 5. Hapo naomba nisimame kidogo, ile herufi `Z` mwishoni inawaponza watu wengi. Ni saa za dunia, UTC, siyo za kwetu. 05:42 pale kwetu ni 08:42, yaani saa mbili na dakika 42 asubuhi kwa Kiswahili chetu. Nimeshamwona fundi kwa macho yangu anaona 05:42 kwenye logi anasema "seva inachelewa masaa matatu", anaingia anaisogeza saa mbele masaa matatu, na hapo sasa ndiyo kaiharibu kweli, kwa sababu ilikuwa sahihi. Saa usiisome kwa jicho, linganisha UTC kwa UTC.

Na huhitaji ruhusa ya kuingia kwenye seva ya geti kujua saa yake. Kila jibu la saiti linakuja na tarehe. Ukiwa ndani ya seva yako andika hivi, ila weka anwani ya geti lako:

```
date -u; curl -sI https://geti.example.org/ | grep -i '^date'
```

Mistari miwili inatoka kwa pamoja. Ya chuo kile geti lilisema 05:58:31, seva ya matokeo ikasema 05:55:26. Toa. Dakika 3 na sekunde 5, sawa na sekunde 185. Seva ya matokeo inaishi nyuma.

Sasa rudini kwenye kikaratasi. Geti linaandika "kisikubaliwe kabla ya 05:42:10" na kinafika kwenye seva ambayo saa yake inasema bado ni 05:39:05. Kwa macho ya seva hicho kikaratasi kimetoka kesho. Inakitupa. Ila Shibboleth kwa kawaida ina uvumilivu wa sekunde 180, inasema saa zikipishana kidogo nitafumba macho. Sekunde 180. Na sisi tulikuwa na 185. Mmeipata?

Sekunde 5 zilizobaki ndizo siri ya wale wa kijijini. Mwanafunzi wa chuoni, kikaratasi kikitolewa getini kinafika ndani ya nusu sekunde, kinakutwa bado kimezidi uvumilivu, kinatupwa. Mwanafunzi wa kijijini, kikaratasi kinatambaa kwenye mtandao sekunde 6, 7, na wakati kinatambaa saa ya seva nayo inasogea, kinafika tofauti imeshuka chini ya 180. Anaingia! Ubovu wa mtandao ndio uliomsaidia. Nilicheka peke yangu kwenye kile chumba cha seva kama mwehu.

Na kwa nini ianze siku zile wakati hakuna aliyegusa? Saa ya ndani ya mashine yoyote inateleza, sekunde moja mbili kwa siku ni kitu cha kawaida, ndiyo maana seva inatakiwa kila mara iulize saa sahihi kwa njia ya NTP. Niliandika `timedatectl` ikajibu `System clock synchronized: no`. Nikaiuliza chrony, programu inayosawazisha saa, kwa `chronyc sources`, kila chanzo kina alama ya `^?` mbele na safu ya `Reach` ni 0, yaani inauliza saa na hakuna anayeijibu. Kumbe miezi mitatu nyuma walibadilisha kifaa cha ulinzi wa mtandao, na kile kipya kilikuwa kimefunga mlango wa 123 wa UDP, ambao ndio NTP inapita. Hesabuni wenyewe, sekunde 2 kwa siku, siku 90 na kidogo, unapata 180 na ushee. Kosa lilifanyika miezi mitatu iliyopita na siku zile ndiyo lilivuka mstari tu. Sisi tulikuwa tunatafuta aliyegusa jana!

Dawa ilikuwa fupi. Tukaielekeza seva kwenye chanzo cha saa cha ndani ya chuo, tukahakikisha `Reach` siyo 0 tena, halafu `chronyc makestep` irekebishe yote kwa mkupuo, maana ukiiachia yenyewe chrony inapenda kuisogeza saa taratibu. Hapo saa ilikuwa inaruka kwenda mbele. Ingekuwa inarudi nyuma ningeomba kwanza watu wa hifadhidata wajue, wao saa ikirudi nyuma hawalali.

Kidogo kuhusu wale wa OpenID, utaratibu mwingine wa kazi hiyohiyo, msije mkasema hayawahusu. Kule kikaratasi ni tokeni, na mihuri ya muda ni `iat` na `exp`, namba ndefu ya sekunde badala ya tarehe, lakini ugonjwa ni uleule. Na uvumilivu haulingani, kila maktaba na tabia yake. Ile passport-saml ya watu wa Node kwa kawaida uvumilivu wake ni sifuri. Sifuri! Seva ikichelewa sekunde moja tu kwa geti, umeshaanza kuona danadana.

Haya, la pili. Anwani.

Hapa nina ugomvi na sisi wenyewe mafundi, naomba mnisamehe.

Kwenye OpenID ukipelekwa getini unabeba anwani ya kurudishiwa, inaitwa `redirect_uri`. Geti lina orodha ya anwani zilizosajiliwa, linalinganisha herufi kwa herufi. Mkwaju wa mwisho, `/`, ukizidi, haifanani. `http` badala ya `https`, haifanani. Yako iko sahihi au haiko, hakuna "karibu sawa". Na isipofanana, sikilizeni vizuri, geti lenyewe linasimama na kusema. Keycloak inaandika `Invalid parameter: redirect_uri`, Google inaandika `redirect_uri_mismatch`, Microsoft inakupa `AADSTS50011`. Hapo hakuna danadana, umesimamishwa na umeambiwa kosa. Sasa danadana za anwani zinatoka wapi? Zinatoka kwa fundi aliyemnyamazisha mlinzi.

Shirika moja la akiba na mikopo, nalo jina tuliache, walikuwa na mfumo wa Django nyuma ya nginx, geti ni Keycloak. Nginx inapokea `https` kutoka nje, ndani inaongea na Django kwa `http` ya kawaida. Mnaona kinachokuja? Django haijui kwamba huko nje kuna `https`, inaona `http`, basi inajitungia anwani ya kurudishiwa inayoanza na `http`. Keycloak ikakataa, ikaandika ule ujumbe wake. Fundi wao, kijana mzuri tu, ilikuwa Ijumaa jioni, akaingia kwenye Keycloak sehemu ya `Valid redirect URIs` akaweka nyota, `*`. Nyota maana yake rudisha popote. Ujumbe ukapotea, akaenda nyumbani. Jumatatu ofisi nzima inapigwa danadana.

Nilipofika nilifanya kitu kimoja tu ambacho nawaomba mkifanye kila mara. Fungua F12, nenda `Network`, weka tiki kwenye `Preserve log`, maana bila hiyo kila ukurasa mpya unafuta ushahidi. Halafu ingia na usome safari mstari kwa mstari, nani kamtuma nani wapi. Ilisomeka hivi, nimefupisha:

```
302  /realms/ofisi/...   -> http://mfumo.example.org/callback?state=..&code=..
301  http://mfumo.example.org/callback?state=..&code=..  -> https://mfumo.example.org/callback
302  https://mfumo.example.org/callback  -> /
302  /  -> getini tena
```

Angalieni mstari wa pili. Kikaratasi kimeingia na `code` na `state`, kimetoka hakina kitu. Mizigo imeshushwa njiani! Nikafungua mipangilio ya nginx, kwenye ile sehemu inayohamisha watu kutoka `http` kwenda `https`, nikakuta:

```
return 301 https://$host$uri;
```

Neno moja. `$uri` ni njia peke yake, yote yaliyo baada ya alama ya kuuliza yanabaki nje. Ilitakiwa iwe `$request_uri`, inayobeba vyote. Kwa hiyo mtu anafika kwa Django mikono mitupu, Django inamwona hajaingia, inamtupa ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa mwanzo unataka aliyeingia, anarudishwa getini, geti linamjua, linampa `code` nyingine, nayo inashushwa njiani. Mzunguko umekamilika.

Ule mstari wa nginx ulikuwepo miaka mingi bila madhara, nani alikuwa anakuja kwa `http` na mzigo wa maana? Hakuna. Aliyeuamsha ni nyota. Mlinzi alikuwa anasema ukweli mtupu kwamba anwani unayotuma ni ya `http`, karekebishe, sisi tukamziba mdomo. Na hilo siyo usumbufu peke yake, ile `code` ilikuwa inapita wazi bila kufichwa kwenye hatua ya `http`, na kwa nyota ile mtu mbaya angeweza kutengeneza kiungo kinachopeleka `code` ya mfanyakazi kwenye saiti yake. Kwenye shirika linaloshika pesa za watu.

Tulirekebisha kwa mpangilio huu. Kwanza nginx imwambie Django ukweli wa huko nje:

```
proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
```

Halafu Django iambiwe iuamini huo ujumbe, kwenye `settings.py`:

```
SECURE_PROXY_SSL_HEADER = ("HTTP_X_FORWARDED_PROTO", "https")
```

Wengi wanaweka ule wa kwanza na kusahau huu wa pili, halafu wanasema haifanyi kazi. Yote miwili! Hapo anwani ikatoka na `https`, tukaandika `$request_uri`, na mwisho kabisa tukaitoa nyota tukasajili anwani moja kamili. Kijana alikuwa anaogopa kuitoa. Nikamwambia itoe, ikivunjika tutaambiwa kwa maneno.

Kuna ndugu yake huyu, nimtaje haraka, saiti yenye `www` na isiyo na `www`. Mtu anaanza kwenye `www`, anarudishwa kwenye isiyo nayo, kuki ya kuonyesha ameingia inawekwa huku, halafu mfumo unampeleka nyumbani kule kwenye `www` ambako kuki haionekani. Geti halina kosa, anwani imesajiliwa, na bado anazunguka. Chagua jina moja, lile lingine lihamishie hapo kabla mtu hajaanza kuingia.

Sasa kitu ambacho visa vyote viwili vinafanana, na ndicho kinachoniudhi. Kule chuoni Shibboleth ilikuwa na ukurasa wake wa kosa, lakini waliona unatisha wanafunzi wakaweka kwamba kosa likitokea mtu arudishwe mwanzo. Kwa wale wa mikopo Django nayo ikishindwa inamrudisha mwanzo. Na mwanzo wenyewe unampeleka getini bila kumuuliza! Mnaona tatizo? Yule dada wa ghorofa ya nne tumemkataza kuongea. Mimi siku hizi kila mfumo ninaoshika, kuingia kukishindwa mtu anaona ukurasa mweupe wenye mstari mmoja, "Umetambuliwa lakini mfumo huu haukukupokea", saa ya seva, namba ya tukio ya kutafutia kwenye logi, na kitufe cha kujaribu tena ambacho lazima akibonyeze kwa mkono wake. Haupendezi. Lakini mtu akinipigia ananisomea namba, nafungua logi, nimemaliza.

Nilipofika hapo kaka mmoja nyuma akauliza, kwa nini kule chuoni usingeongeza tu uvumilivu kutoka sekunde 180 uwe hata saa nzima, ungemaliza kazi kwa dakika moja? Swali zuri na nilishawishika kweli, siku ile simu zilikuwa zinalia. Lakini uvumilivu unafanya kazi pande zote mbili. Kikaratasi kinachotakiwa kufa baada ya dakika 5 ukikiongezea saa moja, aliyekiiba naye unampa saa moja na ushee ya kujaribu bahati yake. Na seva ingeendelea kuchelewa sekunde 2 kila siku, miaka mitano hivi mbele anapigiwa simu fundi mwingine ambaye hata hajui kwamba kuna namba iliguswa. Tuliiacha 180. Badala yake tuliweka kijikazi kinachopima tofauti ya saa kila asubuhi na kutuma ujumbe ikizidi sekunde 5, na ule ujumbe umeshakuja mara moja tangu hapo, mlango wa 123 ulifungwa tena kwenye matengenezo, tukaufungua kabla wanafunzi hawajajua.

Haya, kuna chai pale na maandazi, mwenye logi yake ya danadana aje nayo mezani tuisome.